Barua ya Lusaka Kati ya Kadi za Michango

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba bahasha ile haikuwa na ua. Kadi za michango huwa na ua, au pete mbili, au utepe wa dhahabu uliobandikwa kwa gundi. Ile ilikuwa nene, nyeupe, na karatasi yake ililia kidogo ukiibonyeza. Kijana wa bodaboda aliyeitoa ofisi ya vifurushi alininyooshea juu ya kaunta, nikaweka jina langu kwenye daftari lake, akaondoka.

"Mama, kuna nyingine imekuja," nilisema.

Mama mkubwa alikuwa anapima pumba za mteja. Hakuinua kichwa. "Mwezi wa tano huu, kila mtu anaoa. Weka na wenzake."

Nikaiweka na wenzake, kwenye kopo la biskuti juu ya friji. Ilikuwa Alhamisi. Kopo lile mama mkubwa hulifungua mara moja tu, katikati ya mwezi, akishajua mauzo yamekwendaje. Hapo ndipo huamua nani apewe elfu hamsini, nani ishirini, na nani aombewe tu kanisani.

Alilifungua Ijumaa ya wiki iliyofuata, tarehe kumi na sita, saa nane mchana, wateja walipopungua. Tulikaa juu ya magunia, yeye na miwani yake, mimi na kalamu.

"Huyu naye anaoa tena? Si nilimchangia mwaka juzi?"

"Ni mdogo wake, mama."

"Mbona sura moja? Haya, andika ishirini. Huyu wa kwaya andika hamsini, mama yake alinipikia kwenye msiba." Akaichukua ile nyeupe, akaichana pembeni kwa kidole. "Hii ni ya matajiri, ona karatasi. Hawa watataka laki."

Zilitoka karatasi nne. Hapakuwa na picha ya bwana wala bibi harusi. Juu kulikuwa na majina matatu ya watu yaliyounganishwa, chini yake neno Lusaka, halafu Kiingereza kimejaa kuanzia juu mpaka chini. Katikati palikuwa na jina lake kwa herufi kubwa nyeusi, na namba iliyotanguliwa na K.

Nilimwona akiiangalia ile K. Mtu wa Tunduma hahitaji shule kuijua kwacha. Midomo yake ilihesabu sifuri kimyakimya, akarudia tena kutoka mwanzo. Kisha akanipa zile karatasi kana kwamba zimemchoma.

"Kamwite Efraimu," alisema.

Efraimu ni wakala wa forodha, ofisi yake iko mlango wa tatu kutoka dukani kwetu. Kiingereza chake ni cha fomu: uzito, thamani, namba ya gari. Alikuja anatafuna karanga, akasoma mistari miwili, akaacha kutafuna.

"Mama Restuta, hii siyo harusi."

"Nimeona siyo harusi! Inasema nini?"

"Ni wanasheria. Wanasema unadaiwa mali ya kampuni ile ya chakula cha kuku. Laki moja na elfu sitini na tisa."

"Za Tanzania?"

"Kwacha, mama."

Mama mkubwa alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyekanyaga vibaya ngazini. Kwa shilingi ilikuwa karibu milioni kumi na saba. Duka lote na friji yake na mizani yake lisingefika hapo. Duka lile alilijenga marehemu baba mkubwa kwa kahawa ya Mbozi, misimu sita, na chumba cha nyuma ndicho tunacholala.

"Mimi nadaiwa mifuko sitini," alisema. "Ule mzigo wa Februari, mia na ishirini. Nusu nililipa. Nusu nilikubaliana na yule kijana wao wa mauzo nimalizie mwisho wa mwezi huu. Sitini tu!"

Efraimu alikuwa anafuata mistari kwa ganda la karanga. "Wanasema siku kumi na nne. Usipolipa, wanachukua hatua za kisheria bila taarifa nyingine. Na gharama zote juu yako." Akafunua ukurasa wa mwisho. "Halafu hapa kuna fomu ya kusaini."

"Hatua gani? Wanakuja kufunga duka?"

"Ndiyo hivyo, mama. Wanasheria wakishaandika, wanakuja na makufuli."

Mama mkubwa alishika ukingo wa mizani, sahani yake ikalia kama kengele.

"Ningekuwa mimi," Efraimu alisema kwa upole, "ningesaini hii fomu. Waone una adabu. Kesho tunavuka Nakonde, tunampata mtu wao, tunaomba radhi, tunaomba muda. Mzambia ukimwendea kwa heshima anakuelewa."

Hivyo ndivyo tunavyofanya huku. Ukidaiwa, unakwenda na mtu mzima mmoja, unakaa, unakubali kosa kwanza hata kama si lako lote, halafu ndipo mnaanza kuongea. Mama mkubwa alinyoosha mkono kuitafuta kalamu yangu. Niliishika, sikuiachia. Sijui kwa nini. Mimi si mtu wa kuzuia wakubwa, hata mteja akinipunja huwa nanyamaza.

"Mama," nilisema, "si kuna yule wakili wa juu ya duka la dawa?"

"Anakula hela yule."

"Asome tu."

Aliniangalia. Nadhani alishangaa kusikia sauti yangu. Akavua aproni.

Wakili Jenista alikuwa anafunga ofisi yake. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, na alikuwa tayari na mkoba begani. Mama mkubwa alimwekea barua mezani na fomu juu yake.

"Umesaini?" lilikuwa swali lake la kwanza.

"Bado."

"Mshukuru Mungu. Kaeni." Akashusha mkoba.

Aliisoma yote kimya, mara mbili. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga kwa nguvu. Kisha akaanza kutueleza kwa Kiswahili, polepole, akiweka kidole kwenye kila mahali alipofika ili tuone hasomi kichwani mwake.

"Kwanza. Hii ni barua ya madai. Imeandikwa na mawakili wa Lusaka kwa niaba ya kampuni. Siyo amri ya mahakama. Hakuna kesi iliyofunguliwa bado. Wakili hana mamlaka ya kufunga duka la mtu, wala kubeba mali. Hata huko kwao hawezi, sembuse huku."

Mama mkubwa alipumua. Wakili akainua kidole.

"Usifurahi upesi. Pili, tarehe. Barua imeandikwa tarehe tano. Imekufikia lini?"

"Leo nimeifungua."

"Sikuuliza umeifungua lini."

Niliangalia sakafu. "Tarehe nane," nilisema. "Nilisaini kwa bodaboda."

"Ikakaa wapi?"

"Kwenye kopo la kadi za michango," mama mkubwa alisema. Pale ofisini maneno hayo yalisikika ya kijinga kuliko yalivyokuwa dukani.

Wakili Jenista alitaka kucheka, akajizuia. "Hata mimi ninazo kumi na moja nyumbani. Sasa sikilizeni. Wameandika siku kumi na nne tangu tarehe ya barua. Hawakuandika tangu siku ulipoipokea, wala ulipoifungua. Tano, ongeza kumi na nne. Tarehe kumi na tisa. Hiyo ni Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

"Hii hapa. Leo ni Ijumaa, saa kumi."

Nilimwona mama mkubwa akikunja vidole kuhesabu Jumamosi, Jumapili. Vidole viwili tu. Akabaki anaviangalia.

"Jumatatu ikipita nini kinatokea?"

"Siku yenyewe ikipita, hakuna kinachotokea. Hakuna mtu atakayebisha hodi Jumanne asubuhi. Ila kuanzia hapo wanaweza kufungua kesi bila kukuambia tena. Wanaweza kufungua kwao, Zambia, au wakachukua wakili wa huku wakafungua Tanzania. Wakifungua kwao, wakakuletea wito na wewe ukauweka kwenye kopo, mahakama inaweza kuamua bila kukusikiliza. Na hukumu ya mahakama kuu ya kule inaweza kuombewa usajili Mahakama Kuu ya huku. Ikisajiliwa, inatekelezwa kama hukumu ya hapa. Ndipo dalali wa mahakama huja, na ndipo duka huingia hatarini. Ni safari ndefu, lakini ina njia."

"Na hii fomu?"

Aliigeuza ituelekee. "Hii ndiyo ingefupisha ile safari. Inasema: mimi Restuta Simbeye nakiri kudaiwa kiasi chote, pamoja na riba ya asilimia mbili kwa mwezi, na nakubali mahakama za Zambia zitoe hukumu dhidi yangu bila upinzani. Ukisaini, huna la kubisha tena. Hata kama ulikuwa unadaiwa sitini tu."

Mama mkubwa alijifuta uso kwa kitenge. "Efraimu alisema ni adabu."

"Efraimu anajua makontena. Kuomba radhi kwa maandishi, mbele ya wakili, ni kukiri. Usimpigie simu mtu wa Nakonde, usimwandikie ujumbe, usiseme 'nivumilie nitalipa'. Ukisema hivyo kwa deni lote, umelibeba lote." Akasogeza karatasi nyingine. "Haya, tuone wanadai nini. Kuna mizigo miwili. Wa Februari, mia na ishirini, nusu haijalipwa."

"Huo naukubali."

"Wa Machi, tarehe kumi na nane. Mifuko mia mbili."

"Mia mbili gani?"

"Mia mbili ya chakula cha kuku wa nyama. Imeshushwa stoo ya Nakonde."

"Sijawahi kuagiza mia mbili tangu nizaliwe! Wakili, Mungu ananiona. Machi sikupokea hata mfuko."

"Wanasema oda ilitumwa kwa imeli yako. Na vikumbusho vitatu walituma hukohuko."

"Imeli yangu?" Mama mkubwa alinigeukia kana kwamba mimi ndiye ninayeitunza. "Mimi sina imeli. Mimi nina simu ya tochi, na laini nimebadilisha mwezi wa pili baada ya ile kupotea."

"Ipo hapa. Ina jina lako."

Kisha mama mkubwa akasema polepole, "Aliko."

Aliko ni mfanyabiashara wa mayai. Mwaka jana alikuja kwa mama mkubwa na heshima nyingi, akaomba aagize mifuko arobaini kwa jina lake, maana kampuni haikopeshi mtu isiyemjua, na mama mkubwa alikuwa mteja wao wa miaka saba. Watu wa mpakani huazimana majina hivyo kila siku, kama watu wengine wanavyoazimana beseni. Kampuni ilitaka imeli kwenye fomu. Aliko akaifungua kwenye simu yake, palepale kaunta. Mifuko arobaini aliilipa yote, na akatuletea trei mbili za mayai.

Wakili aliandika hayo yote. Hakuonekana kufurahi. "Kwa hiyo uliwahi kumruhusu."

"Mara moja!"

"Mara moja nayo wataishika. Watasema, 'Ulituonyesha huyu ni mtu wako, sisi tungejuaje kwamba safari hii hukumtuma?' Siyo kwamba watashinda. Lakini wataisema." Akageuza kalamu. "Kitu kimoja kinakusaidia. Kuagiza ni jambo moja, kupokea ni jingine. Kama mzigo haukupokelewa na mtu wako, nitaandika hivyo Jumatatu: mteja wangu hakuagiza na hakupokea. Una hakika?"

"Naapa."

"Hakuna mtu wa duka lako aliyekuwepo Nakonde siku hiyo?"

"Mtu wa duka langu ni huyu tu," mama mkubwa alisema, akanishika goti. "Na huyu hata salamu anaogopa."

Karatasi ya nne ilikuwa juu ya meza, bado wakili hajaifunua vizuri. Ilikuwa nakala ya delivari, ile karatasi ambayo dereva huwapa watu wasaini mzigo unaposhuka. Kona yake ya chini ilikuwa imetokeza. Niliona herufi N. Mimi naandika N yangu na mkia, kwa sababu mwalimu wa darasa la pili kule Ndalambo aliandika hivyo ubaoni, na niliacha shule la tano kabla mwingine hajanirekebisha.

Nilisikia wakili akisema "basi tumalize," nikasikia mkoba ukivutwa. Nilifikiri nikinyamaza itapita. Nimenyamaza mambo mengi na yamepita. Lakini wakili alikuwa ameshaandika kwenye karatasi yake, kwa Kiswahili, nami niliweza kulisoma hata likiwa limegeuka juu chini: *hakupokea*. Na Lusaka walikuwa na jina langu.

"Ni mimi," nilisema.

"Nini wewe?" mama mkubwa aliuliza.

"Nilisaini mimi. Hiyo hapo."

Wakili aliivuta karatasi. Chini kabisa, kwenye mstari, palikuwa na N yenye mkia, kisha esta. Nesta. Pembeni, mhuri wa stoo na tarehe kumi na nane Machi.

Mama mkubwa hakupiga kelele. Aliondoa mkono wake kwenye goti langu, akauweka juu ya meza, akauangalia mkono ule. Afadhali angepiga kelele.

"Elezea," alisema wakili.

Nikaelezea. Siku ile mama mkubwa alinituma Nakonde kununua sabuni za bei nafuu, jambo alilokuwa ameshalisahau. Nilipita karibu na stoo. Lori lilikuwa linashusha, Aliko yuko pale na vijana wa kubeba, dereva anafoka kwamba amechelewa. Aliko akaniita. Dereva alitaka saini ya mtu wa duka, siyo ya Aliko. Dereva akanisogezea ubao wenye karatasi. "Bamayo, saini, niondoke," alisema, akiniita mama kwa Kibemba. Nikasaini. Mifuko ilipandishwa kwenye gari nyingine, ikavuka, ikaelekea njia ya Mbeya. Mimi nikanunua sabuni nikarudi.

"Ulisoma kilichoandikwa?"

"Kilikuwa Kiingereza."

"Na hukumwambia mama yako?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Mama mkubwa ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Mtoto hasomi Kiingereza, wakili. Angejuaje? Kila mtu anamsainia kila mtu pale stoo. Mimi mwenyewe nimesainia saruji za watu nisiowajua."

Wakili Jenista aliichukua karatasi yake, akakata neno *hakupokea* kwa mistari miwili. "Ungekaa kimya," aliniambia, "ningepeleka uongo Lusaka kwa jina langu. Wangetoa karatasi hii, na baada ya hapo hata ukweli wetu usingeaminiwa. Sasa tunaandika kilichotokea."

Jumamosi na Jumapili mama mkubwa alimpigia Aliko mara nyingi, simu haikupatikana. Jumapili Efraimu alikuja kuuliza kama tunakwenda Nakonde; habari ya saini yangu alikuwa ameshaisikia. Aliponiona akatikisa kichwa. "Kumbe ni huyu mpole! Wapole ndio wanaoua watu."

"Efraimu, wewe nusura unisainishe duka zima," mama mkubwa alimwambia. "Acha mtoto. Alidanganywa. Hajui kusoma Kiingereza."

Alisema hivyo pia kwa mama wa duka la jirani. Alisema hivyo kwa mchungaji. Kila aliposema nilikuwa nyuma yake, nafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Jumatatu saa tatu tulikuwa juu ya duka la dawa. Wakili alikuwa amehakikisha kwanza kama ofisi ile ya Lusaka ipo kweli, kwa sababu barua za namna hii nazo hughushiwa. Ipo. Akamwambia mama mkubwa alipe zile sitini kwenye akaunti ya siku zote ya kampuni, ile iliyo kwenye ankara zake za miaka saba, asilipe kwenye namba ngeni. Mama mkubwa alikuwa ameuza majike mawili ya ng'ombe aliyokuwa nayo Nanyala na kukopa kidogo kikoba. Tulikwenda benki, tukarudi na karatasi ya malipo.

Kisha akatusomea jibu. Lilikuwa la Kiingereza, alitusomea kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu, akituuliza kila mara: ni kweli? Mzigo wa Februari umemalizwa leo, risiti hii hapa. Mzigo wa Machi mteja wangu hakuuagiza. Imeli iliyotumika haiko mikononi mwake. Aliyesaini ni msaidizi wa duka, hakutumwa wala hakuruhusiwa kupokea mzigo huo, na bidhaa zilichukuliwa palepale na mtu mwingine, ambaye jina lake tunalitaja. Riba tunaikataa mpaka mtuonyeshe tulipokubaliana. Tunaomba nakala ya oda yenyewe. Hakuna neno humu linalokiri deni la Machi.

"Hivi tutashinda?" mama mkubwa aliuliza.

"Sijui. Ile mifuko arobaini ya mwaka jana itatusumbua. Lakini kuanzia leo hawawezi kusema hukuwajibu, na hujasaini kumpa mtu duka. Mkiletewa karatasi yoyote, hata kama ina ua, nileteeni siku hiyohiyo. Na kuhusu Aliko mnakwenda polisi mkitoka hapa."

Alilituma kwa kompyuta saa tano na dakika kumi, na nakala ikaenda kwa kifurushi. Mama mkubwa aliomba aone mahali palipoandikwa kwamba limekwenda. Wakili akamgeuzia kioo. Mama mkubwa akaangalia muda mrefu, kama anavyoangalia basi la mgeni wake likiondoka.

"Sasa Nesta," wakili alisema. "Naandika maelezo yako, yakae kwenye faili. Wakileta kesi, nitakuhitaji. Nakuuliza, unajibu."

Aliandika kwa Kiswahili, akanipa nisome mwenyewe, kwa sauti. Nilisoma polepole, na mama mkubwa alikuwa anafuata kwa midomo. *Mimi ni mkazi wa Tunduma. Niliacha shule darasa la tano. Siwezi kusoma Kiingereza. Siku ya tarehe kumi na nane Machi niliombwa na Aliko kusaini karatasi ya mzigo. Karatasi iliandikwa kwa Kiingereza. Sikutumwa na mama yangu mkubwa.*

"Ni kweli yote?" wakili aliuliza.

"Ni kweli."

"Kuna la kuongeza?"

Mama mkubwa alinipigapiga mgongoni, kidogo, mara mbili. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa tangu Ijumaa. "Hana, wakili. Mpe asaini."

Nikasaini.

Yote yaliyoandikwa pale yalikuwa kweli. Ila jina la mtu siyo Kiingereza. Karatasi ile ya stoo ilikuwa na jina juu, kwa herufi kubwa, na mimi majina nayasoma. Niliposhika kalamu nilikwama hapo. Aliko aliniona nimekwama. Alisogea karibu, akanong'ona, "Nesta wangu, nitalipa kabla hajajua." Hakuna mtu aliyewahi kuniita wake. Dereva alikuwa anafoka, jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa nafurahi.

Mama, nililisoma jina lako kabla sijasaini.